Kianzio 40%, Punguzo 3%, Salio Ngapi? Kweli na Uongo Kuhusu Profoma

Kampuni ndogo ya Morogoro inayokodisha vifaa vya shughuli inataka kuongeza mali. Mhasibu wake amewasiliana na muuzaji wa jumla wa Kariakoo, na jioni profoma imeingia kwenye WhatsApp. Ni viti vya plastiki 200 kwa shilingi 18,000 kimoja, mahema mawili kwa shilingi 2,400,000 kila moja, na meza za kukunja 16 kwa shilingi 100,000 kila moja. Mahema ni ya kushonwa, kwa hiyo mzigo utakuwa tayari siku 21 baada ya kianzio kulipwa. Chini ya karatasi, mahali ambapo macho ya wengi huenda moja kwa moja, pameandikwa hivi:

Jumla kabla ya VAT: 10,000,000
VAT 18%: 1,800,000
Jumla kuu: 11,800,000
Kianzio 40%: 4,720,000
Punguzo 3%, salio likilipwa ndani ya siku 7: 354,000
Salio: 6,867,600

Mfano huu nimeutunga ili namba zake ziwe rahisi kufuata. Kosa lililomo sikulitunga. Ni la kawaida sana kwenye profoma zenye kianzio na punguzo kwa pamoja. Kabla hatujalifikia, jaribu kulitafuta mwenyewe. Kisha tupitie maneno ambayo watu husema kuhusu karatasi kama hii, moja moja, tuone lipi kweli na lipi uongo.

"Kila mstari ukiwa sahihi, profoma nzima ni sahihi."

Uongo, na huu ndio unaogharimu watu zaidi kuliko mengine yote.

Chukua kikokotoo uhakiki mstari mmoja mmoja. Viti ni 3,600,000, mahema 4,800,000, meza 1,600,000; jumla milioni kumi kamili. VAT ya 18% ni 1,800,000, sawa. Asilimia 40 ya 11,800,000 ni 4,720,000, sawa. Asilimia 3 ya 11,800,000 ni 354,000, sawa. Hata salio lina maelezo yake: ukitoa punguzo kwenye jumla kuu unabaki na 11,446,000, na asilimia 60 ya hiyo ni 6,867,600. Kila namba ina mahali ilipotoka. Mkaguzi anayeweka alama ya vema mstari kwa mstari atafika chini bila kuona tatizo lolote.

Sasa fanya jambo moja ambalo karatasi yenyewe haikuombi ufanye. Jumlisha kianzio, punguzo na salio. 4,720,000 na 354,000 na 6,867,600 ni 11,941,600. Jumla kuu ni 11,800,000. Vipande vya bei vimezidi bei yenyewe kwa shilingi 141,600.

Chanzo ni kwamba kianzio kimekatwa kwenye jumla kuu kabla ya punguzo, halafu salio likakatwa kwenye jumla baada ya punguzo. Asilimia 40 ya kiasi kimoja na asilimia 60 ya kiasi kingine haziwezi kukamilisha mia, hata kama arobaini na sitini ni mia. Mnunuzi ameahidiwa punguzo la 354,000 lakini amepewa 212,400 tu, maana akilipa kianzio na salio kama yalivyoandikwa atakuwa ametoa 11,587,600. Fedha iliyopotea inanunua viti sita pamoja na VAT yake, na chenji inabaki.

Mara nyingi hakuna mtu aliyekusudia kumwibia mwenzake hapa. Fomu ya Excel iliandaliwa siku za nyuma, wakati duka halikuwa na punguzo la kulipa mapema. Wakati ule kuandika salio kama asilimia 60 ya jumla kulikuwa sahihi kabisa. Siku mstari wa punguzo ulipoongezwa, kanuni ya salio ikaelekezwa kwenye jumla mpya na ile ya kianzio ikaachwa kwenye jumla ya zamani. Ukitumiwa faili lenyewe badala ya picha au PDF, bonyeza kisanduku cha salio uone kilichomo. Tuseme jumla kuu iko B5, kianzio B6 na punguzo B7. Kanuni yenye kosa inasomeka hivi:

```
=(B5-B7)*60%
```

Iliyo salama ni hii:

```
=B5-B6-B7
```

Tofauti kati ya hizo mbili ni kwamba ya pili haina asilimia ndani yake. Salio ni kinachobaki baada ya kutoa vilivyokwisha kutajwa, na kinachobaki hupatikana kwa kutoa. Ukiona salio limehesabiwa kwa kuzidisha asilimia, simama hapo uhakiki upya.

"Ukitoa 40 na 3 kwenye 100, salio ni 57%."

Kweli, kwa sharti moja: asilimia zote mbili ziwe zimechukuliwa kwenye kiasi kile kile. Kwenye mfano wetu, 57% ya 11,800,000 ni 6,726,000. Hilo ndilo salio sahihi kwa kianzio cha 4,720,000 na punguzo la 354,000. Jumlisha vitatu hivyo vitarudi 11,800,000 bila kupungua shilingi.

Lakini ipo njia nyingine halali ya kuandika profoma hii, na lazima uitambue usije ukamgombeza muuzaji asiye na kosa. Anaweza kuanza kwa kutoa punguzo, akabaki na 11,446,000, kisha akachukua kianzio cha 40% ya hicho, yaani 4,578,400. Salio lake hapo ni 6,867,600. Tazama namba hiyo vizuri: ni ile ile iliyokuwa kosa kwenye karatasi ya kwanza. Hapa si kosa, kwa sababu kianzio nacho kimeshuka, na vyote viwili vinajumlisha 11,446,000.

Kwa hiyo huwezi kusema salio ni sahihi au si sahihi kwa kulitazama peke yake. Salio la 6,867,600 ni halali likiwa na kianzio cha 4,578,400, na ni kosa likiwa na kianzio cha 4,720,000. Ndiyo maana mhasibu anayepiga simu kuuliza "salio ni ngapi?" anajibiwa vizuri na bado analipa zaidi. Swali la kuuliza ni kianzio kimechukuliwa kwenye kiasi gani, na punguzo limechukuliwa kwenye kiasi gani.

Ukiniuliza njia ipi bora, nitachagua ya kwanza: kianzio kikatwe kwenye jumla kabla ya punguzo. Punguzo la kulipa mapema lina sharti, na siku unapolipa kianzio sharti hilo halijatimia. Njia ya pili inakupa sehemu ya punguzo ndani ya kianzio kabla hujalistahili. Ukichelewa kulipa salio, muuzaji atalazimika kudai kianzio kilichopungua pamoja na salio lililopungua, na hapo mazungumzo huwa marefu.

"Punguzo likikatwa kabla ya VAT, mnunuzi anapata nafuu kuliko likikatwa baada ya VAT."

Uongo, ingawa watu wenye uzoefu huitetea kauli hii kwa nguvu.

Kata 3% kwenye milioni kumi: 300,000. Zinabaki 9,700,000, VAT yake 1,746,000, jumla 11,446,000. Sasa anza na 11,800,000 na ukate 3%: 354,000. Jumla ni 11,446,000. Ni sawa kabisa, kwa sababu kuzidisha kwa 0.97 halafu kwa 1.18 hakutofautiani na kuzidisha kwa 1.18 halafu kwa 0.97.

Hasara inakuja pale muuzaji anapokata 3% kwenye bei kabla ya VAT, akapata 300,000, kisha akaitoa 300,000 hiyo kwenye jumla yenye VAT. Anabaki na 11,500,000. VAT imeachwa ileile ya 1,800,000 wakati bei imeshuka, na mnunuzi anatozwa kodi juu ya fedha asiyoilipa. Pengo ni 54,000, ambayo ni 18% ya 300,000. Ukiona mstari wa punguzo uko chini ya mstari wa VAT lakini kiasi chake ni asilimia ya jumla iliyo juu ya VAT, umeshalikamata kosa.

Msomaji wa Kenya atumie 16% badala ya 18%. Mantiki haibadiliki.

"Salio ni moja."

Uongo. Kwenye profoma yenye punguzo la masharti, masalio ni mawili, na karatasi nzuri huyaandika yote mawili: 6,726,000 ikiwa malipo yatafika kabla ya tarehe fulani, na 7,080,000 ikiwa yatafika baadaye. Hiyo ya pili ni jumla kuu kutoa kianzio, basi. Karatasi yetu ya Kariakoo imeandika salio moja tu na punguzo likiwa limeshatolewa, kana kwamba tayari mnunuzi amelipa mapema.

Tatizo kubwa zaidi ni maneno "ndani ya siku 7". Siku saba kutoka lini? Tuseme profoma ina tarehe ya Jumatatu, 2 Machi 2026, na kianzio kimelipwa Ijumaa, 6 Machi. Ikiwa siku zinahesabiwa kutoka tarehe ya profoma, mwisho ni Jumatatu, 9 Machi. Ikiwa zinahesabiwa kutoka siku ya kianzio, mwisho ni Ijumaa, 13 Machi. Ikiwa ni kutoka siku mzigo unapokuwa tayari, siku 21 baada ya kianzio ni 27 Machi, na saba zaidi ni 3 Aprili, ambayo mwaka huo ni Ijumaa Kuu na benki zimefungwa. Karatasi moja, maneno mawili matatu, na tarehe tatu zinazopishana kwa zaidi ya wiki tatu.

Halafu kuna suala la malipo yanahesabika yamefanyika lini: ulipotoa agizo benki, au fedha ilipoingia kwenye akaunti ya muuzaji? Mnunuzi husoma la kwanza, muuzaji husoma la pili. Na makato ya benki yakimegwa kwenye fedha iliyotumwa, muuzaji atapokea pungufu kidogo na anaweza kusema salio halijakamilika, hivyo punguzo limekufa.

Dawa ya yote haya ni sentensi moja ndani ya profoma: punguzo la shilingi 354,000 litatolewa ikiwa shilingi 6,726,000 zitakuwa zimeingia kwenye akaunti ya muuzaji ifikapo tarehe 13 Machi 2026, baada ya hapo salio ni shilingi 7,080,000. Weka tarehe ya kalenda badala ya idadi ya siku, na weka shilingi badala ya asilimia. Sentensi hiyo haina nafasi ya kubishaniwa.

"Tofauti ndogo ni za kukadiria senti, usizihangaikie."

Uongo kwa kiasi kikubwa. Kukadiria kunaweza kuleta tofauti ya shilingi moja, mbili, labda chache kama mistari ni mingi na kila mmoja una VAT yake. Hakuwezi kuleta maelfu. Bei za mfano wetu ni namba nzima zinazogawanyika vizuri. Kiti cha 18,000 kikiongezwa VAT ni 21,240 kamili. Hapo hata shilingi moja haina kisingizio.

Jambo linalosaidia sana ni kwamba ukubwa wa tofauti huonyesha kosa liko wapi. Badala ya kuanza kuhakiki upya kuanzia mstari wa kwanza, chukua tofauti yenyewe uihoji. Ikiwa ni 141,600, igawanye kwa kianzio: 141,600 kwa 4,720,000 ni 3% kamili. Maana yake punguzo halikufika kwenye sehemu ya kianzio. Limeishia kwenye salio. Ikiwa ni 54,000, igawanye kwa punguzo la kabla ya VAT: 54,000 kwa 300,000 ni 18%. Maana yake VAT haikushushwa. Ikiwa ni 720,000, hiyo ni 18% ya milioni nne, maana yake kianzio kimekatwa kwenye bei bila VAT wakati salio linadhani kilikatwa pamoja na VAT. Tofauti ikigawanyika sawasawa na asilimia mojawapo iliyomo kwenye karatasi, si bahati mbaya.

Na ikiwa haigawanyiki na chochote, angalia idadi na bei. Hapo huwa kuna namba iliyoandikwa vibaya, au gharama ya usafiri imeingizwa mahali pamoja na kusahaulika pengine.

"VAT iliyo ndani ya kianzio ni 18% ya kianzio."

Uongo. Kianzio cha 4,720,000 kimeshabeba VAT, kwa hiyo kodi iliyomo ni sehemu 18 kati ya 118, yaani 720,000, na bei yenyewe ni 4,000,000. Ukizidisha 4,720,000 kwa 18% utapata 849,600, namba isiyolingana na kitu chochote kwenye karatasi. Kenya ni 16 kati ya 116.

"Profoma yenye TIN, VRN na muhuri inatosha kudai VAT."

Uongo. Profoma ni tamko la bei na masharti kabla ya mauzo. Haiingizi mauzo kwenye vitabu vya muuzaji, na kampuni ya Morogoro haiwezi kuitumia kudai kodi ya manunuzi. Kinachohitajika Tanzania ni ankara ya kodi pamoja na risiti ya EFD. Na usisubiri mpaka mwisho: chini ya Sheria ya VAT ya mwaka 2014, kupokea malipo, hata kama ni sehemu tu, ni miongoni mwa matukio yanayofanya kodi iwe imeanza kudaiwa. Kwa hiyo siku kianzio kinapoingia, mhasibu ana haki ya kuomba risiti yake.

Hapa punguzo linaingilia tena. Muuzaji akitoa ankara ya kodi ya 11,800,000 mwanzoni, kisha mnunuzi akalipa mapema na kupata punguzo, ankara ile inaonyesha VAT ya 1,800,000 wakati kodi halisi ya mauzo hayo ni 1,746,000. Lazima itolewe kredit noti ya 354,000, yaani 300,000 za bei na 54,000 za VAT. Bila hiyo, vitabu vya mnunuzi vitadai kodi zaidi ya iliyolipwa, na siku ya ukaguzi ni yeye atakayeulizwa.

"Ukikopa ili uwahi punguzo, umefaidika."

Inategemea, na hesabu yake ni fupi kuliko watu wanavyodhani.

Punguzo linatajwa kama 3%, lakini kwa kuwa kianzio kimeshalipwa, unachokiwahisha ni salio tu. Unatoa 6,726,000 sasa badala ya 7,080,000 baadaye. Faida ya 354,000 juu ya 6,726,000 ni karibu 5.26%. Ikiwa mkopo unaoupata ni wa riba ya 5% kwa mwezi, na utaushikilia mwezi mmoja, riba ni 336,300. Zinabaki 17,700, ambazo ada za mkopo na makato ya kutuma fedha vinaweza kuzimaliza. Mkopo ukivuka kwenda mwezi wa pili, riba ni 672,600 na punguzo limegeuka hasara ya 318,600. Kama fedha ni yako na imekaa tu kwenye akaunti, basi hesabu ni tofauti, na 5.26% ni faida nzuri kwa siku chache za kuwahisha.

Hata hivyo, kuna gharama ambayo haionekani kwenye riba. Mahema yanamaliza kushonwa 27 Machi. Ukilipa salio 13 Machi, unakuwa umelipa kila kitu wiki mbili kabla ya kuona mshono wa kwanza. Salio mkononi mwako ndilo linalomfanya muuzaji apokee simu yako turubai likija na rangi isiyo yako au vyuma vikiwa vyembamba kuliko mlivyokubaliana. Kwa muuzaji mnayefahamiana miaka mingi, shilingi 354,000 ni malipo ya haki kwa kuuachia ulinzi huo. Kwa muuzaji uliyempata wiki hii, mimi nisingeuachia. Ningemwomba punguzo lihesabiwe hadi siku ya ukaguzi wa mzigo dukani kwake: nikikagua na kulipa papo hapo, punguzo ni langu. Anaweza kukataa, na hapo unajua kwamba anachohitaji ni mtaji wa kushonea mahema. Hilo nalo ni jambo la kulijua kabla ya kulipa.

"Profoma si mkataba, kwa hiyo kosa litarekebishwa baadaye."

Nusu kweli. Karatasi peke yake ni pendekezo, na wauzaji wengi huandika chini yake muda wa uhalali wa bei. Lakini chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, pendekezo likikubaliwa linakuwa makubaliano, na kulipa kianzio kwa namba zilezile za profoma ni njia mojawapo iliyo wazi ya kuonyesha kwamba umekubali. Ukishatuma 4,720,000 kwa karatasi inayosema salio ni 6,867,600, muuzaji ana haki ya kukuonyesha karatasi hiyo siku utakapompelekea 6,726,000. Na yeye atakuwa na maandishi, wewe utakuwa na maelezo.

Mazungumzo ya kurekebisha hayahitaji ukali. Mhasibu wetu anapiga simu:

"Habari za kazi, kaka."

"Nzuri, dada. Za Morogoro?"

"Salama kabisa. Nina profoma yako mbele yangu. Kianzio cha asilimia 40, ni ya kiasi gani?"

"Ya jumla yote. Milioni kumi na moja na laki nane."

"Na punguzo la asilimia tatu?"

"Nalo la jumla yote, dada. Laki tatu na hamsini na nne."

"Basi naomba unijumlishie kianzio, punguzo na salio, uniambie unapata ngapi."

Kimya kidogo, vitufe vinasikika.

"Dada, hii imezidi. Ngoja nimwambie kijana wa kompyuta airekebishe."

"Ahsante, kaka. Na akiirekebisha, aandike tarehe ya mwisho ya punguzo na masalio yote mawili, la kuwahi na la kuchelewa."

Hakumwambia amekosea. Alimwacha ajumlishe mwenyewe, na muuzaji akaona.

Rekebisho lenyewe lisiwe la kalamu juu ya karatasi ya zamani, wala ujumbe wa WhatsApp unaosema "salio ni 6,726,000 tu, usijali". Omba profoma mpya yenye namba yake na tarehe yake, inayotaja kwamba inafuta ile ya kwanza. Karatasi mbili zenye namba moja na masalio tofauti ni mgogoro unaosubiri siku yake. Ile mpya ikifika, usiiamini kwa sababu tu imerekebishwa. Kijana wa kompyuta anaweza kugusa salio akavuruga kianzio. Jumlisha tena kianzio, punguzo na salio, uone kama vinarudi 11,800,000, kisha jumlisha kianzio na salio la kuchelewa, uone kama navyo vinarudi hapo hapo. Kama hesabu zote mbili hazijafunga, kianzio kisitoke kwenye akaunti.